Kidole gumba kimevimba usiku mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jongo

Mimi ni tabibu, nafanya kazi Busia upande wa Uganda. Karibu kila wiki anaingia mtu asubuhi na mapema, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akitembea kwa kisigino. Wengi ni madereva wa malori, wachuuzi na wabadilisha pesa wa mpakani, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyaweka pamoja. Katika majibu nitamrudia mara nyingi mgonjwa mmoja, mzee wa miaka 52 anayebadilisha pesa, aliyeniruhusu kusimulia yaliyompata bila kumtaja jina.

Nililala mzima. Saa tisa usiku nikaamka kidole gumba cha mguu kinawaka moto. Ni nini hiki?

Kama maumivu yalianza ghafla, yakapanda hadi kileleni ndani ya saa 12 hadi 24, na yamekaa pale kidole gumba kinapoungana na wayo, jambo la kwanza ninalolifikiria ni jongo, ambalo wengine huliita gauti. Ngozi ya mahali hapo huvutika ikang'aa, na ukiisogelea kwa mgongo wa kiganja unahisi joto lake. Vitabu husema kidole kinakuwa chekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unachokiona ni weusi uliozidi na mng'ao kama wa ngozi iliyopakwa mafuta. Kwa hiyo usisubiri wekundu.

Mzee wetu aliniambia hakuweza kuvumilia hata shuka. Alilala mguu ukiwa nje ya chandarua, na mkewe alipopita karibu na kitanda alimwomba asikanyage sakafu kwa nguvu. Maelezo ya namna hiyo hunisaidia kuliko vipimo vingi, kwa sababu kidole kilichojikwaa au kuteguka kinauma unapokikanyaga, hakiumi kwa kuguswa na shuka.

Jirani anasema nimekanyaga dawa ya mtu. Mbona hakuna aliyeniumiza na mguu umevimba?

Naelewa mawazo hayo yanatoka wapi. Ugonjwa unaokuja usiku, bila jeraha, kwenye mguu mmoja tu, unafanana kabisa na kitu kilichotegwa. Lakini chanzo chake ni fuwele ndogo za asidi ya yuriki, zilizokuwa ndani ya kiungo miezi au miaka kabla ya usiku ule. Ninachokuomba sana ni usikubali kuchanjwa chale juu ya uvimbe. Ukifungua ngozi iliyovutika hivyo unawafungulia vijidudu mlango, na ugonjwa ambao ungepoa wenyewe unageuka kuwa usaha.

Hizo fuwele za asidi ya yuriki zinatoka wapi?

Kila chembe hai ina vitu vinavyoitwa purini. Chembe za mwili wako zinapozeeka na kuvunjwa, purini zake hubomolewa, na mwisho wa ubomoaji huo ni asidi ya yuriki. Purini za chakula nazo hufuata njia hiyohiyo. Ng'ombe na mbuzi wana kimeng'enya kinachoendelea kuigeuza asidi hiyo kuwa kitu kinachoyeyuka kwa urahisi na kutoka na mkojo. Sisi binadamu tulikipoteza kimeng'enya hicho mamilioni ya miaka iliyopita, pamoja na jamaa zetu nyani wakubwa. Inatubidi tuitoe ilivyo, karibu theluthi mbili kupitia figo na iliyobaki kupitia matumbo.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani mwenye jongo ni mtu anayetengeneza asidi nyingi kwa sababu anakula sana. Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa wengi sana, karibu tisa katika kila kumi, figo ndizo zinazotoa kidogo kuliko inavyotakiwa. Wengi wamezaliwa nazo hivyo. Ndiyo maana ndugu wawili wanaokula sahani moja, mmoja anapata jongo na mwingine hapati.

Asidi ikiongezeka damuni hubaki imeyeyuka hadi kiwango fulani. Kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kiwango hicho ni kama miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu. Ikipita hapo, inaanza kuungana na sodiamu na kuganda polepole kuwa fuwele, kama chumvi inavyoganda kwenye ukingo wa sufuria maji yanapokauka. Fuwele hizo zina umbo la sindano nyembamba, na huwezi kuziona bila hadubini. Hujipanga juu ya gegedu ya kiungo na zinaweza kukaa hapo miaka mingi bila kukuuma hata kidogo. Wapo watu wengi wenye asidi ya juu ambao hawajawahi kuugua jongo.

Kwa nini kidole gumba, na kwa nini usiku?

Kwa sababu ya baridi kwanza. Uwezo wa asidi hii kubaki imeyeyuka hushuka haraka joto linaposhuka. Kwenye nyuzi 37 inashikilia miligramu 6.8, kwenye nyuzi 35 ni kama 6, na kwenye nyuzi 30 ni kama 4.5 tu. Kidole gumba kiko mbali na moyo, ni baridi kuliko kifua au nyonga. Damu yenye miligramu 6.5 inaweza kuwa salama kifuani, lakini ikifika mguuni imeshapita kiwango.

Pili, kiungo kile hubeba uzito wa mwili kila hatua, kwa hiyo gegedu yake huchakaa mapema, na gegedu iliyochakaa ni mahali pazuri pa fuwele kushika. Mchana kutwa ukisimama, maji kidogo hujikusanya ndani ya kiungo. Ukilala na kunyoosha miguu, maji yale hunyonywa kurudi damuni haraka kuliko asidi inavyorudi, na inayobaki kiungoni inakuwa nzito zaidi. Ongeza kwamba usiku hunywi maji, na kwamba homoni ya mwili inayotuliza uvimbe iko chini kabisa katika saa za usiku wa manane.

Mzee wetu alikuwa na yote hayo pamoja. Jumamosi alikaa kwenye chungu cha pombe ya malwa na wenzake tangu saa kumi jioni, akivuta kwa mrija wake hadi giza lilipoingia, na muchomo wa maini ukipita mkononi. Hakunywa maji. Alirudi nyumbani kwa miguu, akalala. Malwa hayakuzitengeneza fuwele zile usiku huo. Zilikuwepo tayari, na usiku huo ndio zilipochokozwa.

Kama fuwele zenyewe hazionekani, mbona maumivu ni makali hivyo?

Anayeuma ni mwili wako mwenyewe. Fuwele zinapobanduka kutoka kwenye gegedu na kuelea ndani ya kiungo, chembe za ulinzi huziona kama adui na kuzimeza. Lakini chembe haiwezi kuimeng'enya sindano ya fuwele. Ndani ya chembe huwashwa mtambo wa hatari unaotoa kemikali iitwayo intaleukini 1, na kemikali hiyo ni mwito wa jumla. Mishipa hufunguka, maji hujaa, na askari wengine, chembe nyeupe za damu, humiminika kwa mamilioni ndani ya nafasi ndogo sana. Nao wanazimeza fuwele, wanapasuka, wanamwaga vimeng'enya vyao, na wito unarudiwa upya.

Halafu, baada ya siku 7 hadi 14, mwili wenyewe huuzima moto huo hata usipomeza chochote. Tafadhali likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Mzee wetu, alipopata shambulio lake la kwanza mwaka mmoja kabla, alichomwa sindano za antibayotiki katika kliniki moja. Siku ya nane akapona, akaamini ilikuwa maambukizi na kwamba sindano ndizo zilizomponya. Mwaka mzima ukapita bila mtu kupima asidi yake.

Nimepimwa damu wakati kidole kimevimba, nikaambiwa asidi ya yuriki ni ya kawaida. Basi si jongo?

Inaweza kuwa jongo kabisa. Wakati wa shambulio, kiwango cha asidi damuni mara nyingi hushuka kwa muda, kwa kuwa uvimbe wenyewe huzifanya figo ziitoe zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu. Siku ya tatu ya maumivu karatasi yake ilisoma 6.4, na kwenye karatasi ile mpaka wa kawaida uliandikwa 7. Angeweza kurudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu. Tulimwomba arudi wiki nne baada ya kidole kupoa, na safari hiyo ilisoma 9.1.

Angalia pia kipimo kilichotumika. Maabara nyingine huandika mg/dL, nyingine µmol/L. Ukizidisha mg/dL kwa 59.5 unapata µmol/L, kwa hiyo 9.1 ni kama 541. Nimewahi kuona mtu akilia akidhani asidi yake imetoka 8 hadi 476, kumbe ni namba ileile, maabara mbili tofauti.

Uthibitisho wa uhakika ni kutoa matone ya maji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama chini ya hadubini yenye mwanga maalumu, njia iliyoelezwa mwaka 1961 na madaktari wa Marekani, McCarty na Hollander. Hospitali kubwa zinaweza kuifanya. Katika vituo vyetu vidogo tunategemea maelezo ya mgonjwa, kidole chenyewe, na kipimo cha damu kilichorudiwa baada ya shambulio.

Nitajuaje kwamba si usaha ndani ya kiungo?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alichukue kwa uzito. Maambukizi ndani ya kiungo yanaweza kukiharibu kiungo kwa siku chache na kuua mtu. Jongo nalo linaweza kuleta homa ndogo, kwa hiyo homa peke yake haitoshi kuamua. Nenda hospitali siku hiyohiyo kama unatetemeka kwa baridi, kama kuna kidonda au mchubuko karibu na kiungo, kama maumivu yanazidi siku baada ya siku badala ya kufika kileleni na kuanza kushuka, au kama una kisukari au kinga dhaifu. Hapo hatugawi dawa kwa kubahatisha. Kiungo kinatobolewa kwa sindano na maji yanapimwa, maana fuwele na vijidudu vinaweza kukutwa pamoja.

Na kama mwenye kidole kilichovimba ni mtoto, au mama ambaye bado anapata hedhi, jongo linakuwa mbali sana kwenye orodha yangu. Kwa mtoto wa huku kwetu nafikiria selimundu na maambukizi kwanza.

Nimeze nini sasa hivi, nipate kulala?

Kuna njia tatu, na inayokufaa inategemea magonjwa mengine uliyo nayo. Zote hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ndani ya siku ya kwanza.

Ya kwanza ni dawa za kupunguza uvimbe kama naproxeni, indometasini au diklofenaki, kwa dozi kamili na kwa siku chache. Hazimfai mwenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo au moyo ulioshindwa. Mzee wetu alikuwa amenunua diklofenaki dukani akaimeza siku tatu, huku anatumia dawa ya presha na figo zake tayari zimechoka kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ya kisa chake iliyonitia hofu zaidi.

Ya pili ni kolchisini. Unameza miligramu 1, na baada ya saa moja nusu miligramu. Unaishia hapo kwa siku ya kwanza, kisha nusu miligramu mara moja au mbili kwa siku hadi kidole kitulie. Bado wapo wanaofundishwa kuimeza kila saa mpaka waharishe. Hiyo ni njia ya zamani, na ni ya hatari, kwa kuwa kuharisha huko ni dalili ya sumu. Kama unatumia dawa za VVU zenye ritonavia, au unameza klarithromaisini, mwambie anayekuhudumia kabla hujagusa kolchisini. Dawa hizo huizuia isitoke mwilini, na dozi ya kawaida inaweza kukudhuru vibaya.

Ya tatu ni prednisoloni, miligramu 30 kwa siku kwa siku tano. Ndiyo tuliyompa mzee, baada ya kuhakikisha hakuna maambukizi na kwamba sukari yake ni nzuri. Siku ya pili alivaa kandambili. Siku ya nne alikuwa kwenye meza yake ya kubadilishia pesa.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 kwa wakati mmoja, inasaidia kweli. Kukanda kwa maji moto au kusugua kwa nguvu huongeza mateso.

Rafiki yangu ana alopurinoli. Nikimeza leo, kidole kitapoa?

Hapana. Alopurinoli haitulizi maumivu ya leo. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki, na faida yake huonekana baada ya miezi. Tena ukiianza kwa dozi kubwa, asidi hushuka ghafla, fuwele zilizokaa kimya huanza kuyeyuka na kubanduka, na unaweza kupata shambulio jipya. Ila kama tayari ulikuwa unaitumia kila siku na shambulio likakukuta, usiiache.

Mzee wetu alikuwa na mashambulio mawili ndani ya mwaka na figo zilizochoka, kwa hiyo tulikubaliana aianze. Alianza na miligramu 100 kwa siku, pamoja na nusu miligramu ya kolchisini kila siku kama kinga. Baada ya wiki nne asidi ilikuwa 8.0, tukapanda hadi 200. Wiki ya sita kidole kilimuuma siku mbili, akanipigia simu kwa hasira akisema dawa imeshindwa. Nilimweleza kwamba hizo ni fuwele za zamani zinazotoka, akavumilia. Wiki ya nane tulisoma 6.9, tukapanda hadi 300, na mwezi wa tatu ikawa 5.6. Lengo letu lilikuwa chini ya 6, kwa sababu chini ya hapo damu inaweza kuzibeba fuwele zilizoganda na kuziyeyusha taratibu. Kolchisini tuliiacha mwezi wa sita.

Jambo moja la kuogopa kwenye alopurinoli ni upele. Ukitokea, hasa katika wiki nane za mwanzo, acha dawa siku hiyohiyo na uje. Kwa watu wachache sana upele huo ni mwanzo wa ugonjwa mkali unaobabua ngozi na kuharibu ini na figo.

Nimekatazwa maharage, karanga, hata matoke. Nile nini?

Kula maharage yako, karanga zako na matoke yako. Maharage yana purini kiasi, lakini purini za mimea hazijaonekana kuleta mashambulio kama za nyama. Nimeona wagonjwa walioacha maharage wakaendelea na bia, na hiyo inaniuma, kwa kuwa wameacha chakula cha bei nafuu na kubaki na kilicho na madhara.

Vya kupunguza ni maini, figo na matumbo, dagaa wa mukene wanaoliwa wazima, na nyama nyekundu ya kila siku. Bia inadhuru mara mbili, maana ina purini zake na pombe yake huzizuia figo kutoa asidi. Waragi haina purini, lakini pombe ni ileile. Soda nazo zina sukari ambayo mwili ukiichoma hutengeneza asidi ya yuriki. Maziwa yasiyo na mafuta mengi yanasaidia kidogo.

Hata hivyo, chakula peke yake mara nyingi hushusha asidi kwa takriban miligramu 1 tu. Mwenye 6.8 anaweza kufika salama kwa sahani yake. Mwenye 9.1 hawezi, hata akijinyima vipi, na si haki kumlaumu kwamba hana nidhamu.

Natumia dawa za presha. Zinahusika?

Baadhi yake, ndiyo. Dawa za kukojoza kama haidroklorothiazaidi na furosemaidi huzuia asidi isitoke, na aspirini ya dozi ndogo hufanya hivyo pia. Mzee alikuwa na miaka mitatu kwenye haidroklorothiazaidi. Tulimbadilishia losatani, ambayo huisaidia asidi kutoka kidogo. Usizibadilishe mwenyewe, kwani presha iliyoachwa itakuumiza kuliko kidole.

Wanaotibiwa kifua kikuu wajue kwamba pirazinamaidi, inayotumika miezi miwili ya mwanzo, hupandisha asidi sana. Maumivu ya viungo katika kipindi hicho mara nyingi si jongo kamili, na si sababu ya kuacha dawa za kifua kikuu. Mwambie mhudumu wako.

Nitaimeza alopurinoli mpaka lini?

Kwa wengi ni ya miaka mingi, kama ya presha, kwa kuwa figo hazijabadilika. Mzee wetu aliishiwa vidonge akiwa safarini Kasese, akaona hana maumivu, akakaa wiki tano bila kununua. Aliporudi, asidi ilisoma 8.7. Kidole kilikuwa kizima na alicheka kwa furaha, lakini namba ile ilimaanisha fuwele zimeanza kujijenga upya. Tulimrudisha kwenye miligramu 100 tukapanda tena hatua kwa hatua, pamoja na kolchisini yake ya kinga. Sasa hivi ananunua vidonge vya miezi miwili kwa pamoja, na anavibeba kwenye mkoba uleule wa pesa.